Nyumba yangu haina mlango

Mama Asha, saa 3:04 usiku: Kitendawili! Nyumba yangu haina mlango.

Daktari wa mifugo, 3:09: Tega! Shikamoo mama. Hata hukungoja niitikie. Ni boga?

Mama Asha: Marahaba. Si boga.

Daktari: Kaburi?

Mama Asha: Mungu apishe mbali, usiku huu! Nipe mji.

Daktari: Chukua Bagamoyo.

Mama Asha: Nimekwenda Bagamoyo, nimekula samaki, nimelala, nimerudi. Jibu ni yai.

Daktari: Mtu wa mifugo kushindwa na yai, aibu yangu hiyo. Lakini mama, yale mayai 60 uliyaweka kwenye mashine ya kutotolea vifaranga wiki tatu zilizopita. Ni kitendawili tu, tuendelee kutegeana, au kuna jambo?

Mama Asha: Lipo, nilikuwa naona haya kukusumbua usiku. Leo ni siku ya 21. Wametoka 11. Wengine 14 wametoboa tangu saa sita mchana na wamekwama. Waliobaki kimya. Mmoja nimembandua ganda, ametoka damu.

Daktari: Hunisumbui. Usibandue mwingine. Nijibu haraka: joto linasoma ngapi, unyevu ngapi, umeme ulikatika, na leo umefungua mara ngapi?

Mama Asha: Joto 37.6. Unyevu 41. Umeme ulikatika juzi saa nne nzima. Kufungua sijahesabu, kila nikisikia mlio nachungulia.

Daktari: Basi ni hiyo 41. Siku tatu za mwisho unyevu unatakiwa asilimia 65 hadi 70. Kila ukifungua, mvuke wote unatoka, ule utando mweupe chini ya ganda unakauka na kumbana kifaranga kama gundi. Ana nguvu, ila hawezi kujigeuza akate ganda kwa kuzunguka. Fanya hivi sasa, kwa mfunguo mmoja tu:

Jaza maji ya uvuguvugu kwenye vyombo vyote viwili vya maji. Weka na sponji safi iliyolowa ndani ya chombo, maana kinachoongeza mvuke ni ukubwa wa sehemu iliyolowa, si kina cha maji. Usinyunyizie mayai maji ya baridi. Funga. Matundu ya hewa yaache wazi, usiyazibe ati kutunza mvuke: vifaranga wameshaanza kupumua kwa mapafu na wanahitaji hewa kuliko wakati wowote.

Mama Asha: Na hawa 11 niwatoe? Hawajala kitu.

Daktari: Wasikutie wasiwasi. Kiini cha yai kimeingia tumboni mwao, kinawatosha hata siku mbili. Watoe asubuhi, wote kwa pamoja. Yule wa damu muache humo humo. Damu ile ni ya mishipa ya utando ambayo ilikuwa haijakauka. Angeachwa, ingerudi mwilini mwake kabla hajatoka.

Mama Asha: Nilidhani namsaidia.

Daktari: Wengi wanadhani hivyo. Toka kutoboa hadi kutoka ni kawaida saa 12 mpaka 18, hata 24. Wako wana saa tisa tu, wanapumzika. Kesho saa sita mchana ikipita, na kuna anayelia huku utando umekuwa wa kahawia na mkavu kama karatasi, huyo ndiye wa kusaidiwa: lowesha utando kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, ongeza tundu kidogo kidogo kwa kuzunguka upande mnene wa yai. Ukiona wekundu, simama, mrudishe, ngoja saa chache.

Mama Asha: Waliokimya je? Nitupe?

Daktari: Usitupe. Saa nne bila umeme zinapoza mayai, vifaranga wanachelewa. Wape hadi mwisho wa siku ya 23, ndipo umulike kwa tochi. Na huyageuzi tena, sivyo?

Mama Asha: Niliacha siku ya 18, kama ulivyosema.

Daktari: Vizuri. Usiku huu washa taa kwenye chumba cha kulelea, asubuhi kiwe na nyuzi 32 hadi 35 usawa wa mgongo wa kifaranga. Wakifika waonyeshe maji kwanza, chovya midomo miwili mitatu, wengine wataiga. Chakula baada ya hapo. Wakirundikana chini ya taa wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni huku midomo wazi, inyanyue taa.

Mama Asha, saa 3:51: Nimeweka maji na sponji. Unyevu umefika 63, unapanda. Mmoja naona kupitia kioo anakata ganda kwa kuzunguka.

Daktari: Usimfungulie.

Mama Asha: Sifungui. Nimekaa juu ya mikono yangu.

Daktari: Saa 12 asubuhi nitumie idadi na usomaji wa unyevu.