Barua kwa daktari wa ngozi: kichwa kuwasha na kutoa magamba

Dokta shikamoo,

Mimi ni mama wa miaka 41, fundi cherehani hapa Moshi, nakaa Pasua. Nimepata rufaa ya kuja kwako kliniki ya ngozi wiki ijayo nikaona bora niandike kabisa maana nikiingia kwa daktari huwa nasahau nusu ya mambo.

Shida yangu ni kichwa kuwasha na kutoa magamba, ilianza 2014 nilipojifungua wa pili. Mwanzo yalikuwa kama unga tu nikajua ni mba, sa hivi yanakuwa manene meupe, zaidi kisogoni na nyuma ya masikio, na nikiyabandua panatoka kadamu kidogo. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi ikikaza ndo balaa, usiku silali najikuna mpaka mume wangu anaamka. Nikishona suti nyeusi ya mteja inabidi nifunge kitambaa kichwani maana yanadondokea kwenye nguo, aibu dokta we acha tu.

Dawa nimetumia nyingi. Za nyumbani nimejaribu limao (hilo liliniunguza sirudii tena), aloevera na mafuta ya nazi, yale mafuta yanalainisha siku mbili basi. 2019 kituo kimoja waliniambia ni mapunye nikapewa vidonge vya griseofulvini wiki 6, nikamaliza vyote, hola. Baadae nikapewa shampuu ya ketokonazo naosha mara 2 kwa wiki, hiyo ilipunguza kiasi lakini nikiacha wiki 3 tu vinarudi vilevile.

Halafu kuna kitu naomba usinigombeze, duka la dawa waliniuzia tyubu ya betamethasoni nikaona inatuliza haraka, nimepaka kama miaka 2 bila kuandikiwa na mtu, mpaka kwenye paji la uso. Sa hivi hapo ngozi imekuwa nyeupe na nyembamba, nimeiacha tangu mwezi wa 2 na tangu niache kichwa kimekuwa kibaya zaidi ya zamani.

Dawa ya kulainisha nywele niliacha 2020, rasta nasuka mara moja moja. VVU na sukari nimepima mwaka huu niko salama. Watoto hawana hili tatizo, ila marehemu baba alikuwa na magamba kwenye viwiko na magoti maisha yake yote tukawa tunasema ni ukavu tu, na mimi nimeona kidoa kama hicho kwenye kiwiko cha kushoto. Sijui kama vinahusiana ila nakuonyesha nikija.

Ninachotaka kujua dokta hasa huu ugonjwa ni nini, maana kila mtu ana jina lake, na kama hauponi niambie tu ukweli nijipange na hela ya dawa.

Na je nifumue nywele kabla ya kuja? Mafuta nimeacha kupaka tangu jana ili uone kilivyo.

Mama Junior, Pasua