Utaratibu wa Kumpima Bibi Sukari

Dada, mpime Bibi sukari mara mbili kwa siku, kabla ya kifungua kinywa na kabla ya chakula cha jioni, hata akisema amekwisha kujipima, kwa kuwa husahau. Mashine na dawa vikae kabatini, ufunguo ubaki nao wewe.

Mnawishe mikono na umkaushe, kwani utamu wa tunda ulioganda kidoleni hupandisha namba kwa uongo. Mtoboe pembeni mwa ncha ya kidole, kisha uandike namba na saa daftarini kabla ya kumpa dawa.

Ikiwa chini ya 4.0, usimpe dawa ya sukari; mpe maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari, umpime tena baada ya dakika 15, na unipigie. Asipoweza kumeza, usimtie chochote mdomoni, bali ita gari la wagonjwa mara moja. Ikizidi 15 mara mbili mfululizo, nipigie siku hiyo hiyo.

Akichanganyikiwa kuliko kawaida yake, tafadhali usidhani ni usahaulifu tu: mpime papo hapo. Akikataa, usimlazimishe, zungumza naye kwa upole, ujaribu tena baada ya dakika 10.