Usaili wa Meneja wa Bidhaa: Vipaumbele, Ushahidi wa Watumiaji na Kumkatalia Bosi

*Nafasi inayoombwa ni ya meneja wa bidhaa kwenye kampuni ya programu za mishahara. Msailiwa kwa sasa anasimamia programu ya ankara inayotumiwa na wafanyabiashara wadogo. Wasaili ni mkuu wa idara ya bidhaa na mhandisi mkuu.*

Mkuu wa bidhaa: Karibu. Wasifu wako tumeusoma, kwa hiyo twende moja kwa moja kwenye kazi. Una wahandisi watano na maombi ya vipengele zaidi ya mia. Unaanzia wapi?

Msailiwa: Asante. Naanza kwa kuuliza kila ombi limetokana na shida gani. Mtu akiomba kipengele, mara nyingi ameshajipa jibu mwenyewe, na mimi nataka kulijua swali. Nikiyakusanya maombi kwa shida, yale mia yanabaki shida kumi na kitu. Hizo ndizo ninazozipanga.

Mkuu wa bidhaa: Kwa kipimo gani?

Msailiwa: Natumia RICE, ile fomula iliyotoka kampuni ya Intercom. Unachukua idadi ya watu watakaoguswa, unazidisha kwa ukubwa wa athari, unazidisha kwa kiwango cha uhakika wako, kisha unagawanya kwa miezi ya kazi. Nitoe mfano halisi. Mkurugenzi wetu wa mauzo alitaka ukurasa wa ripoti ambao mteja anaweza kuupanga apendavyo. Wateja wakubwa 40 kwa robo mwaka, athari ya juu kabisa, yaani 3, uhakika asilimia 50, kazi ya miezi minne ya mhandisi mmoja. Inatoka alama 15. Upande wa pili kulikuwa na jambo dogo: kumwonyesha mtumiaji kama ankara yake imetumwa na imefunguliwa. Watumiaji 2,000, athari 1, uhakika asilimia 80, miezi miwili. Alama 800.

Mhandisi mkuu: Hao 40 inawezekana ndio wanaolipa sehemu kubwa ya mapato. Fomula yako haikuliona hilo.

Msailiwa: Ni kweli, haikuliona. Ndiyo maana alama kwangu ni ya kufungua mjadala tu, haifungi uamuzi. Faida yake kubwa ni kwamba inamlazimisha kila mtu kutaja anachokidhania. Nilipoandika uhakika asilimia 50, mkurugenzi aliniuliza kwa nini nusu. Nikamwambia sijaongea na mteja hata mmoja kati ya hao, ninachojua nimekisikia kwake. Tangu hapo tukaacha kubishania kipengele, tukaanza kuzungumzia nani aende akawaulize.

Mkuu wa bidhaa: Na lile la ankara, asilimia 80 ilitoka wapi?

Msailiwa: Sehemu tatu. Kwanza, meseji za huduma kwa wateja: kundi kubwa lilikuwa la watu wanaouliza "mteja wangu ameipata?" Pili, kumbukumbu za mfumo: ankara zilezile, kiasi kilekile, mteja yuleyule, zikitumwa mara mbili ndani ya dakika chache. Tatu, na hii ndiyo iliyonishawishi, nilikaa na watumiaji wakifanya kazi zao. Kulikuwa na mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kila akibonyeza "Tuma", anapiga picha skrini, anafungua daftari, anaandika namba ya ankara na saa, halafu anampigia mteja simu kuuliza kama imefika. Nikamuuliza ana tatizo lolote na programu. Akasema hapana, iko vizuri kabisa.

Mhandisi mkuu: Akasema hana tatizo?

Msailiwa: Hana, kwa sababu daftari limeshakuwa sehemu ya kazi yake. Ningemtumia dodoso angejaza nyota tano. Kwa hiyo mimi huwa siwaulizi watu kama wangependa kipengele fulani. Karibu wote watasema ndiyo kwa adabu. Nawauliza mara ya mwisho ilikuwaje, na nawaomba wanionyeshe.

Mhandisi mkuu: Ulikaa na watu wangapi? Kuna wanaosema watano wanatosha.

Msailiwa: Watano wa Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya programu, ni wa kutafuta kasoro za matumizi. Hesabu yake inasema kama kila mtu anagundua takriban asilimia 31 ya kasoro, watano watafichua karibu asilimia 85. Hiyo haikuambii shida imeenea kiasi gani sokoni. Kukaa na watu kunanipa sababu; kumbukumbu za mfumo zinanipa ukubwa. Nikikosa kimojawapo, asilimia ya uhakika naishusha, hata kama wazo ni langu mwenyewe.

Mkuu wa bidhaa: Turudi kwa mkurugenzi wa mauzo. Ulimkatalia vipi?

Msailiwa: Nilimfuata ofisini kwake kabla ya kikao. Mtu mzito ukimkatalia mbele ya watu, hata kama una haki, atatetea heshima yake na ushahidi hautasikika. Nilimwambia, "Bosi, ripoti hii sitaiweka kwenye robo hii. Nikiiweka, ya ankara inatoka. Naomba nikuonyeshe kitakachotoka." Nikamwekea video ya yule mama, baada ya mwenyewe kuniruhusu. Dakika mbili tu. Kisha nikamwomba tumpigie pamoja mteja mkubwa aliyekuwa anaidai ripoti.

Mkuu wa bidhaa: Mteja akasemaje?

Msailiwa: Alikuwa anahitaji namba za mwisho wa mwezi za kumpa mkaguzi wa hesabu. Tulimpa kitufe cha kupakua faili la CSV. Mhandisi mmoja aliimaliza kwa siku chache.

Mhandisi mkuu: Hapo mkurugenzi akaridhika.

Msailiwa: Hapana. Alishaahidi ripoti kwa wateja wengine wawili, akalipeleka suala kwa mkurugenzi mtendaji. Sikuona ubaya, ana haki hiyo. Niliandika ukurasa mmoja: shida mbili, ushahidi wa kila moja, tunachokipoteza tukichagua hii au ile, na kitu ambacho kingenifanya nibadili msimamo. Hicho cha mwisho nakiona muhimu kuliko vyote. Niliandika kwamba wateja watatu kati ya 40 wakisema hawatahuisha mkataba kwa kukosa ripoti, naipandisha juu mara moja. "Hapana" isiyo na sharti la kugeuka inasikika kama ukaidi, na mkubwa hana cha kufanya nayo zaidi ya kuivunja.

Mkuu wa bidhaa: Mkurugenzi mtendaji angeamua ripoti ijengwe?

Msailiwa: Ningeijenga vizuri, na timu isingenisikia nikinung'unika. Yeye anaona mambo ya wawekezaji na mikataba ambayo mimi siyaoni. Ila ningeandika wazi tumeahirisha nini na tunategemea matokeo gani, tuyapime baada ya robo. Safari hii alikubali ankara itangulie. Kurudia kutuma kulipungua sana, na simu za "imefika?" zikapungua pia. Ripoti bado iko kwenye foleni. Mteja mmoja ameshaitaja kwenye mazungumzo ya mkataba, kwa hiyo naifuatilia.

Mkuu wa bidhaa: Una swali kwetu?

Msailiwa: Moja. Mara ya mwisho meneja wa bidhaa hapa alipomkatalia mwanzilishi, ilikuwaje?

Mkuu wa bidhaa: Mwanzilishi aliomba ushahidi, akapewa, akakubali. Mwezi uliofuata wazo lilirudi kwa jina jingine.

Msailiwa: Na likajengwa?

Mhandisi mkuu: Nusu yake. Ndiyo niliyokuwa naifanyia marekebisho asubuhi hii.

Msailiwa: Basi ningeomba, kama mtanifikisha hatua inayofuata, mazungumzo yangu yawe na yeye.

Mkuu wa bidhaa: Nitaangalia ratiba yake leo.