Hotuba ya Mwenyekiti wa Kikundi cha Kuweka na Kukopa, Siku ya Mgao, Kiuyu Mbuyuni, Pemba

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Sheha, wazee wetu, mama zangu, dada zangu na kaka zangu wanachama, nakushukuruni kwa kuja mapema. Najua bamvua limeshaanza na maji yatatoka si muda mrefu, na wengi wenu mna kamba za mwani zinakungojeni huko pwani. Sitokuwekeni sana. Lakini siwezi kufungua sanduku kabla ya kuelezana, kwa sababu tangu juzi nasikia maneno barazani na kisimani, na mengine yamenifikia mpaka mlangoni kwangu.

Swali lenyewe ni hili: "Mbona mimi nimeandikiwa asilimia mbili, jirani yangu asilimia tano, na katibu kasema faida ni asilimia kumi na tano? Asilimia ngapi hasa?" Anayeuliza hivyo ana haki ya kuuliza. Asiyeuliza akenda kununa nyumbani ndiye anayenitia wasiwasi.

Basi tuanze na kilichomo sandukuni. Wahesabu fedha wetu wawili, mweka hazina na watunza funguo watatu, wamehesabu jana mbele ya Mheshimiwa Sheha.

Tuko wanachama 25. Hisa yetu moja ni shilingi 2,500, na kila wiki mtu ananunua hisa moja mpaka tano, kwa uwezo wake. Kwa wiki 48 tumenunua jumla ya hisa 3,600. Zidisha kwa 2,500, unapata shilingi 9,000,000. Hiyo ndiyo akiba yetu sote. Hiyo si faida, ni pesa yako mwenyewe uliyoiweka, na inarudi kwako kamili.

Faida imetoka wapi? Imetoka kwenye biashara zetu tatu mnazozijua. Chakula tulichonunua kwa jumla na kuuziana kwa mkopo, yaani mchele, sukari, unga wa ngano na mafuta, kimetupa 962,000. Kukodisha turubai, viti na masufuria ya arusi kumetupa 466,000. Majamvi ya kuanikia karafuu, ambayo msimu huu yalikwenda Konde na kurudi mpaka mengine yakachanika, yametupa 190,000. Jumla ni 1,618,000.

Toa gharama. Mchele uliorowa mvua njiani umetutia hasara ya 61,000. Kushona turubai 35,000. Nauli na vitabu 22,000. Zote ni 118,000. Imebaki milioni moja na nusu barabara. Katika hiyo, katiba yetu inasema asilimia kumi ibaki kwa ajili ya mtaji wa kikundi, nayo ni 150,000. Kwa hivyo cha kugawana leo ni shilingi 1,350,000.

Sasa nisikilizeni hapa vizuri, maana hapa ndipo watu wanapopotea.

Kuna asilimia za aina mbili, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni fungu lako katika akiba yote ya kikundi. Unachukua akiba yako, unagawa kwa 9,000,000, unazidisha kwa 100. Asilimia hii kila mtu ana yake, na zetu sote 25 ukizijumlisha zinatimia mia. Ya pili ni faida ukiipima na akiba: 1,350,000 kwa 9,000,000, ambayo ni asilimia 15. Hii ni moja kwa wote. Hakuna aliyepewa 15 na mwengine 12.

Niwape mifano ya kweli kutoka daftarini. Wenyewe wameniruhusu, ila nitataja idadi ya hisa tu, si majina.

Yuko mwenzetu mwenye hisa 72. Akiba yake ni 180,000. Hiyo ni asilimia 2 ya milioni tisa. Asilimia 2 ya faida ya 1,350,000 ni 27,000. Leo anaondoka na 207,000.

Yuko mwengine mwenye hisa 180. Akiba yake ni 450,000, asilimia 5. Asilimia 5 ya faida ni 67,500. Anaondoka na 517,500.

Sasa mpime kila mmoja kwa alichoweka. 27,000 katika 180,000 ni asilimia 15. 67,500 katika 450,000 ni asilimia 15 vilevile. Mafungu yao hayalingani, lakini kila shilingi waliyoiweka imezaa sawasawa. Aliyefunga kamba kumi za mwani na aliyefunga nne, wakivuna bahari moja, hawapimi gunia moja.

Njia nyepesi zaidi, kwa asiyependa asilimia, ni kuhesabu kwa hisa. Gawa 1,350,000 kwa hisa 3,600, unapata shilingi 375. Kila hisa moja imeleta 375. Hesabu mihuri kwenye kitabu chako, zidisha kwa 375, hiyo ndiyo faida yako. Hisa 72 mara 375 ni 27,000, ileile. Yeyote mwenye simu ya tochi ana kikokotoo ndani yake, ajipigie mwenyewe kabla hajaitwa.

Na sisi kamati tumetumia njia hii ya hisa, si ile ya asilimia, kwa sababu maalumu. Yuko mwanachama aliyenunua hisa tano kila wiki bila kukosa, hisa 240, akiba 600,000. Asilimia yake ni 6.666 na sita nyengine zisizokwisha. Tukimwandikia 6.6, anapata 89,100, tumemdhulumu. Tukimwandikia 7, anapata 94,500, tumewadhulumu wengine. Haki yake ni 90,000 kamili, na hesabu ya hisa inaitoa bila ubishi. Kwa hivyo ukiona asilimia kwenye karatasi ya ukutani imeandikwa kwa desimali mbili, hiyo ni ya kuonyesha tu. Pesa imehesabiwa kwa mihuri.

Nije kwenye lile neno zito. Wapo wanaosema tugawane sawa, sote ni ndugu. Nimepiga hesabu hiyo pia. 1,350,000 kwa watu 25 ni 54,000 kila mmoja. Mwenye hisa 72 angepanda kutoka 27,000 mpaka 54,000. Mwenye hisa 240 angeshuka kutoka 90,000 mpaka 54,000, ilhali pesa yake ndiyo iliyonunua mchele mwingi. Mwakani yeye angenunua hisa ngapi? Nadhani moja tu kwa wiki, na mimi nisingemlaumu. Mtaji ungepungua, na wa kwanza kukosa chakula cha mkopo Ramadhani angekuwa yuleyule mwenye hisa chache tuliyetaka kumsaidia.

Undugu una mahali pake katika kikundi hiki, nao ni mfuko wa jamii. Huko kila mtu katoa 500 kwa wiki, mwenye hisa 72 na mwenye hisa 240. Tulikusanya 600,000, tukatumia 420,000 kwa maziko, uzazi na wagonjwa, na hakuna aliyepewa kwa asilimia ya akiba yake. Aliyefikwa ndiye aliyepewa. Imebaki 180,000, na faini za kuchelewa 36,000 nazo tumeziingiza humo, si kwenye faida. Hizo 216,000 hazigawiwi leo, zinaendelea.

Wazee wengine wamenitaka niseme juu ya riba. Mimi si mwanachuoni, na mwenye shaka amwendee sheikh wetu. Ninachoweza kusema ni namna tunavyofanya. Hapana mtu aliyeahidiwa asilimia 15 alipoweka pesa yake. Tumenunua bidhaa, tumeuziana kwa bei tuliyokubaliana tangu mwanzo, na anayechelewa kulipa haongezewi bei. Mchele uliporowa, zile 61,000 zimetuuma sote kwa kadiri ya hisa zetu. Na lau tungepata hasara mwaka mzima, ingetuangukia kwa mafungu hayahaya. Anayepokea zaidi leo ndiye angepoteza zaidi.

Lipo jambo moja ambalo hesabu hii hailiweki sawa, na sitaki mtu aje kulifichua kana kwamba tulilificha. Hisa iliyonunuliwa wiki ya kwanza imefanya kazi wiki 47. Iliyonunuliwa wiki ya mwisho haijanunua hata kibaba cha mchele. Zote mbili leo zinapata 375. Ndiyo maana tumeweka kikomo cha hisa tano kwa wiki, na ndiyo maana tulimkatalia mwenzetu aliyetaka kuleta kwa mpigo hisa za wiki alizokosa. Hakufurahi, najua. Lakini tungemruhusu, angechukua faida ya kazi iliyofanywa na pesa za wengine. Kupima kila hisa kwa wiki zake kunawezekana, ila mimi na katibu tukijaribu tutakuwa hapa mpaka Iddi. Kwa mzunguko ujao kamati inapendekeza tusiuze hisa wiki nne za mwisho. Mtaliamua nyinyi kikao kijacho.

Madeni: yote yamelipwa isipokuwa la mmoja, 48,000 ya chakula. Amekubali mwenyewe likatwe kwenye akiba yake, na anabaki na chake cha kutosha. Tafadhali lisifanywe hadithi huko nje.

Kwa hivyo pesa taslimu iliyopo mezani ni hivi: 10,350,000 za akiba na faida, toa 48,000 za deni, inabaki 10,302,000. Ongeza 150,000 za mtaji na 216,000 za mfuko wa jamii. Jumla 10,668,000. Wahesabu watazihesabu tena sasa hivi, kwa sauti, mbele yenu.

Utaratibu ni huu. Tunaita kwa namba ya kitabu, si kwa cheo. Mimi mwenyewe ni namba 14, nitapanga foleni kama wengine. Ukifika mezani, katibu atasoma hisa zako, wewe utasema kama zinalingana na mihuri yako. Zisipolingana, usipokee, simama pembeni, tutafungua daftari pamoja. Zikilingana, hesabu pesa hapohapo, tia saini au dole gumba, kisha kitabu kipigwe mstari. Ukishavuka mlango wa skuli hii hatupokei malalamiko ya noti iliyokosekana.

Anayetaka kuanza mzunguko mpya leo hii, abakishe 2,500 mpaka 12,500 mkononi, mweka hazina ataandika baada ya mgao. Hakuna lazima.

Watunza funguo, njooni na funguo zenu tatu. Namba moja mpaka tano, sogeeni benchi la mbele.