Maombi ya kibali cha maadili: mahojiano na watoto wanaofanya kazi kwenye soko la samaki, Pangani

Sehemu ya C: Ridhaa na usiri

C1. Watakaohojiwa
Tunaomba kuhoji watoto 24, wasichana 12 na wavulana 12, wenye umri wa miaka 14 hadi 17, wanaopaa samaki, kubeba ndoo au kuuza barafu baada ya masomo. Kila mtoto atahojiwa mara moja, kwa dakika zisizozidi 45. Wa chini ya miaka 14 tumewaacha kwa makusudi. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, hivyo karibu kila mahojiano na mtoto mdogo zaidi yangetulazimu kutoa taarifa, na ahadi ya usiri ingekuwa ya uongo tangu mwanzo.

C2. Idhini ya mzazi au mlezi
Mwenyekiti wa kitongoji na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi ufukweni, watatutambulisha, basi. Ruhusa yao si idhini ya mzazi, na hawatachagua watoto wala kupewa orodha ya waliokubali au kukataa.

Mzazi atafuatwa nyumbani, kamwe si sokoni mbele ya wateja. Fomu ya kurasa mbili itasomwa kwa sauti, kisha atapewa walau saa 48 kabla ya kuulizwa uamuzi. Asiyejua kusoma ataweka dole gumba mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe, ambaye si mtafiti. Kukaa kimya au kutorudisha fomu ni kukataa. Mtoto anayeishi na bibi, shangazi au kaka mkubwa ataombewa idhini kwa yule anayemlea kila siku, na uhusiano huo utaandikwa kwenye fomu. Tajiri wake wa sokoni hahesabiwi kuwa mlezi, hata kama ndiye anayemlisha.

C3. Ridhaa ya mtoto
Mzazi akikubali na mtoto akakataa, hakuna mahojiano. Ugumu uko kwingine: mtoto aliyelelewa kuamkia wakubwa na kutii hamwambii mgeni mzima "sitaki". Atasema "sawa", atainamisha macho na kujibu kwa neno moja moja. "Sawa" hiyo hatutaihesabu kuwa ridhaa.

Kwa hiyo kila mtoto atapewa kadi nyekundu na kufanya mazoezi kabla kinasa sauti hakijawashwa. Mtafiti atamuuliza jambo jepesi, mfano jana alikula nini, na mtoto ataweka kadi mezani bila kujibu. Mtafiti atasema "ahsante" na kuhamia swali jingine. Zoezi litafanyika mara mbili, ili mtoto aone kwa macho yake kwamba kukataa hakuleti karipio.

Kisha atasomewa maneno haya:

"Tunataka kujua kazi ya sokoni ikoje kwako. Huu si mtihani, hakuna jibu la kukosea. Unaweza kuruka swali au kuondoka, na hatutakuuliza kwa nini. Ukibadili mawazo ndani ya siku 14, tutafuta maneno yako yote. Hatutamwambia mzazi, mwalimu wala tajiri wako ulichosema. Ila ukituambia kwamba wewe au mtoto mwingine anaumizwa, hatutaweza kunyamaza. Tutakwambia kwanza tunamwambia nani."

Baada ya hapo ataulizwa: "Ukichoka katikati utafanyaje?" na "Ni jambo gani hatuwezi kulificha?" Akishindwa kueleza kwa maneno yake, atafafanuliwa upya. Akishindwa tena, tutamshukuru na kuishia hapo.

Kila mtoto, aliyemaliza na aliyekatisha, atapata madaftari mawili na soda. Hatutatoa fedha: ikizidi pato lake la siku inakuwa shinikizo, na nyumbani atatumwa arudi.

C4. Usiri
Mahojiano yatafanyika darasani baada ya vipindi, mlango wazi, mtafiti wa pili akiwa varandani anakoona bila kusikia. Wasichana watahojiwa na mtafiti wa kike.

Kuficha jina hakutoshi katika mji mdogo. "Msichana wa miaka 15 anayeuza barafu kwa mama yake mdogo" atajulikana soko zima. Ripoti itataja rika (14–15 au 16–17) na aina pana ya kazi tu, na hakuna nukuu itakayobeba vyote viwili.

Sauti itarekodiwa kwa kinasa sauti, si simu, kwa kuwa simu nyingi hupeleka nakala mtandaoni zenyewe. Siku hiyo hiyo itahamishiwa kwenye kompyuta iliyofungwa kwa nywila, na kifaa kitafutwa. Namba ya siri, mfano P07, itachukua nafasi ya jina. Daftari linalounganisha namba na majina litakaa kwenye kabati jingine lenye kufuli, ufunguo akiwa nao mtafiti mkuu. Litachanwa siku 30 baada ya mahojiano ya mwisho; sauti zitafutwa maandishi yake yakishahakikiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, na tutazishughulikia hivyo.

C5. Usiri unapokoma
Kipigo, udhalilishaji wa kingono, kazi ya usiku au kupelekwa baharini kuvua vitaripotiwa kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya ndani ya saa 24. Palipo na hatari ya papo hapo, taarifa itakwenda siku hiyo hiyo kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mzazi hatajulishwa kwanza iwapo yeye ndiye anayetajwa. Mtoto ataondoka na kikaratasi chenye namba 116, ya bure, kilichokunjwa ndani ya daftari ili kisionekane njiani.