Tamko la klabu kuhusu matusi ya kibaguzi dhidi ya mchezaji wetu namba 6

Lubumbashi, Jumanne

Kwa wanachama, mashabiki na wapenzi wote wa klabu,

Jumapili, kwenye kiwanja chetu cha nyumbani, kikundi cha watu waliokaa jukwaa la kaskazini, nyuma ya goli, walimtolea mchezaji wetu namba 6 milio ya nyani na kumpigia kelele arudi porini. Walimwandama kwa sababu anatoka katika familia ya Batwa wa jimbo la Tanganyika. Waliofanya hivyo walikuwa wamevaa rangi zetu. Klabu inalaani kitendo hicho kwa nguvu zote, na haikubali kisingizio chochote, si cha hasira ya mchezo wala cha pombe.

Matusi mengine yaliyotamkwa hatuyarudii hapa. Yameandikwa neno kwa neno katika faili la malalamiko, na huko ndiko mahali pake. Asili ya mchezaji tumeitaja kwa ridhaa yake. Jina lake hatulitaji kwa ombi lake, na tunaviomba vyombo vya habari visimfuate nyumbani wala kwa ndugu zake.

Tangu Jumapili usiku tumesikia watu wakisema huu ulikuwa utani wa uwanjani. Hapana. Utani wa mpira tunaujua: mwambie mshambuliaji miguu yake imeota kutu, mwambie kipa mikono ina mafuta, naye wiki ijayo atakujibu kwa kudaka penalti. Mtu akifananishwa na mnyama kwa sababu ya watu waliomzaa, hana la kujibu kwa mpira.

Mambo yalivyokwenda

Dakika ya 62 namba 6 alinyang'anywa mpira katikati ya kiwanja na wageni wakasawazisha. Milio ilianza hapo hapo, safu ya 4 hadi ya 7. Kapiteni wetu alimwendea mwamuzi na kupishanisha mikono kwenye vifundo, ishara iliyopitishwa na mkutano mkuu wa FIFA mjini Bangkok mwezi Mei 2024 ili mchezaji aweze kutoa taarifa ya ubaguzi bila maneno mengi. Mwamuzi alisimamisha mchezo na kuagiza tangazo lisomwe.

Tangazo lilisomwa, ila jukwaa la kaskazini halikulisikia. Spika mbili za upande ule hazikuwa na umeme kwa sababu waya wake ulikuwa umechomoka kwenye kisanduku kilicho chini ya ngazi, na ngoma zilikuwa bado zinapigwa. Dakika ya 74 milio ilirudi, na safari hii mwamuzi aliziingiza timu zote mbili vyumbani kwa dakika 9. Katika muda huo viongozi wa mashabiki walizima ngoma, walinzi wakaondoa watu kwenye safu zile, na mechi ikaendelea hadi mwisho. Namba 6 aliulizwa kama anataka kutoka. Aliamua kubaki.

Kwa nini walinzi walichelewa? Jukwaa lile lilipangiwa walinzi 6. Wakati wa mapumziko 4 kati yao walihamishiwa lango kuu kwa sababu watu walikuwa wanasukumana, na hawakurudishwa. Wawili waliobaki walikuwa wanatazama mpira, migongo yao ikiwaelekea mashabiki. Mlinzi aliyesimama hivyo anasikia kelele lakini hajui zimetoka kinywani mwa nani.

Mchezaji kwanza

Namba 6 ndiye atakayeamua kama atacheza mechi ijayo. Akipumzika, mshahara na bonasi yake havitaguswa, na nafasi yake kikosini haitapotea. Daktari wa timu amekwisha kuzungumza naye, na klabu inalipia wakili atakayemsimamia yeye binafsi, tofauti na wakili wa klabu, kwa sababu yeye ndiye aliyetukanwa na ana haki ya kusikilizwa kwa sauti yake mwenyewe. Hatutamweka mbele ya kamera ili klabu ionekane njema.

Malalamiko Parke

Kesho Jumatano wakili wetu anapeleka malalamiko Parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Msingi wake ni Amri-sheria namba 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966 inayoadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Sheria hiyo inamhusu yeyote ambaye kwa neno, ishara, maandishi, picha au njia nyingine yoyote anaonyesha chuki ya rangi, ya kabila au ya jimbo. Adhabu yake ni kifungo cha mwezi 1 hadi miaka 2 na faini, au moja kati ya hizo. Tutataja pia Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inayolinda haki za watu wa asili Mbilikimo, ambao Batwa ni miongoni mwao. Neno Mbilikimo lipo katika sheria kwa heshima. Likirushwa kutoka jukwaani kama jiwe, ni tusi.

Faili linahitaji ushahidi, na hapa tunawahitaji ninyi. Kama ulirekodi video kati ya dakika ya 60 na ya 80, usiifute wala usiikate. Usitutumie kwa WhatsApp kama video ya kawaida, maana inabanwa: sura zinafifia, sauti inapungua, na tarehe na saa ya kurekodiwa vinaweza kupotea. Njoo na simu yenyewe ofisini kwetu, Jumatano hadi Ijumaa, saa 3 asubuhi hadi saa 10 alasiri. Katibu atanakili faili lilivyo mbele yako, ataandika aina ya simu na saa ya video, nawe utasaini. Simu unaondoka nayo. Ukiwa mbali, itume kama dokumenti kwenye namba iliyochapishwa nyuma ya tiketi yako.

Kama hukurekodi lakini uliona, maelezo yako yana thamani vilevile. Tueleze ulikaa safu gani, ilikuwa dakika ya ngapi, ulisikia neno gani hasa, na aliyelisema alivaa nini. Uliyoyasikia kwa jirani yako useme ni ya jirani. Shahidi mmoja anayetia chumvi anaweza kuharibu maelezo ya wengine watano.

Tunawasihi pia: msisambaze sura za watu mitandaoni, wala msimfuate mtu mtaani. Kuna video inayozunguka tangu jana ikimwonyesha kijana mwenye kofia ya njano akiwa amenyanyua mikono, na watu wanamtaja kuwa kiongozi wa kikundi. Tumeiangalia video hiyo pamoja na nyingine mbili zilizochukuliwa upande wa pili. Kijana huyo alikuwa anawasihi wenzake wanyamaze. Angepigwa jana huko mitaa ya Katuba au Kenya, tungekuwa tumeumiza mtu wa pili kwa kosa lilelile.

Hatua za klabu yenyewe

Watu 3 wametambuliwa hadi sasa, wote wana kadi za uanachama. Kadi zao zimesimamishwa kuanzia leo na hawataingia kiwanjani hadi wasikilizwe. Kila mmoja amepelekewa barua yenye tuhuma na nakala ya ushahidi. Atapewa siku 7 kujibu, na atafika mbele ya kamati ya nidhamu akiwa na mtu wa kumtetea akitaka. Atakayekutwa na hatia atafukuzwa uanachama na kuzuiwa kuingia mechi zetu za nyumbani kwa miaka 3. Aliye chini ya miaka 18 ataitwa pamoja na mzazi wake. Kuomba radhi hadharani kunaweza kuzingatiwa, lakini hakufuti adhabu, na mchezaji halazimiki kupokea radhi ya mtu yeyote.

Ripoti yetu imekwenda kwa ligi ya LINAFOOT na kwa shirikisho la FECOFA ikiambatana na maelezo ya kapiteni. Kifungu cha 15 cha Kanuni za Nidhamu za FIFA kinaibebesha klabu dhima ya mwenendo wa mashabiki wake. Adhabu ikija, hatutakata rufaa.

Hata kabla ya adhabu hiyo, jukwaa la kaskazini litafungwa lote kwa mechi 2 zijazo za nyumbani. Tunajua wengi waliokaa pale hawakufungua kinywa, na wengine walikemea. Mwenye tiketi ya jukwaa lile anaweza kurudishiwa franka zake 3,000, au kuibadilisha bila kuongeza kitu akakae upande wa mashariki mradi nafasi zipo. Yote mawili yanafanyika kwenye dirisha la tiketi la lango la 2, Ijumaa na Jumamosi, na lazima uje na tiketi yenyewe, si picha yake.

Jukwaa litakapofunguliwa litakuwa na walinzi 16, wawili katika kila njia ya kupitia, mmoja juu na mmoja chini. Watasimama wakiwaelekea mashabiki dakika zote 90. Hakuna atakayehamishwa bila ruhusa ya mkuu wa usalama kwa redio, na lango kuu litakuwa na kikosi chake cha akiba cha watu 8. Waya wa spika umetengenezwa jana. Kila siku ya mechi spika zote zitajaribiwa saa 2 kabla ya mpira kuanza, mtu akiwa amesimama safu ya mwisho ya kila jukwaa kuthibitisha kwamba anasikia. Jenereta pekee kuunguruma si uthibitisho.

Kuhusu ngoma, tumekaa jana na viongozi wa vikundi vyote vya mashabiki, na tumeelewana vizuri. Mwamuzi akisimamisha mchezo kwa ubaguzi, mkuu wa usalama ananyanyua kitambaa cheupe mbele ya kila jukwaa, na ngoma, tarumbeta na nyimbo vinanyamaza papo hapo hadi kitambaa kishuke. Kikundi kitakachokaidi kitaingia mechi inayofuata bila vyombo.

Tangazo lenyewe litasomwa kwa Kiswahili kisha Kifaransa, mara mbili, polepole. Kwa Kiswahili ni hili:

"Mwamuzi amesimamisha mchezo kwa sababu ya matusi ya kibaguzi kutoka jukwaani. Acheni mara moja. Yakirudiwa, timu zitaingia vyumbani. Yakiendelea baada ya hapo, mechi itavunjwa. Ukimwona anayetukana, mwonyeshe mlinzi aliye karibu nawe, usipigane naye."

Hatua hizo 3 ndizo za utaratibu wa FIFA: kusimamisha, kuahirisha kwa muda, kuvunja. Jumapili tulifika ya pili. Mechi ikivunjwa kwa makosa ya mashabiki wetu, tunaweza kunyang'anywa pointi. Lakini hata kama kusingekuwa na pointi yoyote ya kupoteza, hatua hizi tungezichukua vilevile.

Wachezaji wote, wakiwemo vijana wa akademia, wataelezwa Alhamisi kabla ya mazoezi namna ya kutoa ishara kwa mwamuzi: pishanisha mikono, taja jukwaa, kisha rudi kwa kapiteni. Mchezaji asipande jukwaani wala kujibu kwa ishara ya matusi, kwa kuwa anaweza kupewa kadi nyekundu huku aliyemtukana akijificha kwenye umati.

Matokeo ya kamati ya nidhamu yatabandikwa kwenye lango la ofisi na kusomwa redioni siku yatakapotoka. Taarifa ya hatua iliyofikiwa na malalamiko Parke itatolewa kila Ijumaa saa 4 asubuhi hadi shauri lifungwe, hata kama wiki hiyo hakuna jipya.

Kamati ya uongozi ya klabu
Lubumbashi