Swali la 3: Eleza dhana ya kundi la ununuzi, kisha fafanua kwa nini ununuzi wa taasisi hutofautiana na ununuzi wa mlaji. Tumia mfano kutoka Mtwara au Lindi. (Alama 20)

Ununuzi wa taasisi ni ule ambao kampuni, chama cha ushirika au ofisi ya umma hununua ili izalishe kitu kingine, iuze tena au iendeshe shughuli zake. Tofauti yake na ununuzi wa mlaji imo katika lengo na njia ya kufikia uamuzi, maana bidhaa yaweza kuwa ile ile. Abiria katika stendi ya Lindi huonja punje moja ya korosho, hulipa, hupanda basi. Anayenunua korosho ghafi mnadani hutaka kwanza kujua daraja na unyevu wa mzigo ulioko ghalani, na nyuma yake kuna mteja wa nje anayeusubiri, mkopeshaji anayemdai, na wakuu wake waliomwekea ukomo wa bei.

Chukua mfano wa kiwanda cha kubangua korosho cha Mtwara Mikindani kinachofikiria kununua mtambo mpya wa kubangulia. Watu wote wanaoshiriki katika uamuzi huo ndio kundi la ununuzi. Wataalamu wa masoko Webster na Wind, mwaka 1972, walibainisha majukumu matano: mtumiaji, mshawishi, mnunuzi, mwamuzi na mlinda lango. Baadaye likaongezwa la mwanzilishi. Kundi hili si idara yenye mlango na kibao. Huundwa na uamuzi wenyewe, na mtu mmoja aweza kubeba majukumu mawili.

Katika kiwanda hiki mwanzilishi ni msimamizi wa zamu, anayeona punje nyingi zikivunjika. Jambo hilo ni zito, kwa sababu punje nzima huuzwa bei ya juu kuliko vipande. Watumiaji ni wabanguaji. Wao hujali usalama, kwani mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Mshawishi mkuu ni fundi mitambo, anayeandika vigezo: uwezo wa mtambo kwa saa, umeme unaohitajika, vipuri vinapatikana wapi. Mhasibu naye hushawishi kwa hesabu ya muda wa kurudisha mtaji. Ofisa ununuzi ndiye mnunuzi: huomba nukuu za bei, hujadili masharti ya malipo na kuandaa mkataba. Mwamuzi ni mkurugenzi, au bodi ikiwa fedha ni nyingi.

Mlinda lango anastahili uzito kuliko anaopewa kwa kawaida. Katibu muhtasi anayepokea barua na simu ndiye huamua muuzaji yupi atamfikia mkurugenzi. Muuzaji akimdharau, ofa yake inaweza kubaki mezani hata kama ndiyo bora. Tena, anayemlenga ofisa ununuzi peke yake hukosea, kwa sababu ofisa huyo mara nyingi hupokea vigezo ambavyo fundi ameshaviandika.

Sababu ya msingi ya tofauti, kwa maoni yangu, ni mahitaji tokezi. Kiwanda hakitaki mtambo kwa ajili ya mtambo. Kinautaka kwa sababu kuna walaji wanaotaka korosho iliyobanguliwa. Walaji hao wakipunguza manunuzi, kiwanda kitaahirisha ununuzi hata muuzaji akishusha bei. Vivyo hivyo, msimu wa korosho ukiwa mzuri, mahitaji ya magunia hupanda, na vyama vya ushirika havitaacha kuyanunua kwa sababu tu bei imepanda kidogo, kwa kuwa korosho haiwezi kufika ghalani bila gunia.

Sababu ya pili ni uwajibikaji. Anayenunua hutumia fedha isiyo yake, hivyo lazima aache nyaraka za kumtetea: maombi, nukuu, mkataba, hati ya mapokezi. Taasisi ya umma hufungwa zaidi na sheria ya ununuzi wa umma. Mlaji hana wa kumhoji ila nyumbani kwake.

Wanunuzi pia ni wachache lakini kila mmoja hununua kwa wingi, na uhusiano na muuzaji hudumu, kwani mtambo ukiharibika katikati ya msimu, fundi wa muuzaji lazima aje upesi.

Hata hivyo, si kila ununuzi wa taasisi hukusanya watu wote hawa. Watafiti Robinson, Faris na Wind, mwaka 1967, walitofautisha hali tatu za ununuzi. Mtambo wa kwanza wa aina yake ni ununuzi mpya, na hapo kundi huwa kubwa na uamuzi huchukua muda mrefu. Kiwanda kikitaka mifuko ile ile ya kufungashia lakini yenye plastiki nzito zaidi, huo ni ununuzi wa marudio uliorekebishwa. Fundi na ofisa ununuzi huweza kuumaliza. Maboksi yale yale kwa muuzaji yule yule ni marudio ya moja kwa moja: mtunza stoo huona akiba imepungua, ofisa ununuzi hutoa oda, na mkurugenzi hukutana nayo kwenye saini ya malipo tu.